Shikamoo ya Saa Sita na Dakika Arobaini

Saa sita na dakika arobaini usiku nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Umoja, sahani ya maharage mkono huu, simu mkono ule. Gari la kiwanda lilikuwa limenishusha muda mfupi tu kabla. Huko chini soja alikuwa bado anapigana na komeo la geti. Nikaandika kwa kidole gumba:

"Shikamoo shangazi. Jicho laendeleaje? Nimekukumbuka."

Nikatuma, nikala, nikalala.

Saa nne kasorobo asubuhi simu yake ndiyo iliyoniamsha.

"Marahaba," alisema, hata sijafungua kinywa. Akanyamaza kidogo. "Lakini baba, shikamoo ya usiku wa manane, nani wa kuipokea?"

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningeomba radhi na mambo yakaisha hapo. Alisema kama mtu anayeuliza kweli, na mimi swali hilo nimetembea nalo wiki tano.

## Kilichotokea Majengo

Habari kamili nilikuja kuipata kwa mjukuu wake, yule wa gredi ya saba, kwa maana shangazi mwenyewe si mtu wa kusimulia alivyoteseka.

Shangazi anakaa Pumwani, Majengo. Siku tano kabla ya meseji yangu alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Usiku alikuwa analala na kile kigao cha plastiki kilichobandikwa juu ya jicho, ili asije akalifikicha usingizini. Jicho la kushoto nalo lina ukungu wake, zamu yake ya upasuaji bado. Kwa hiyo usiku ule, kwa kusoma kitu chochote, shangazi alikuwa kipofu.

Simu yake ni katululu, ya vibonyezo, na huwa juu ya kigoda kando ya kitanda, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Ana sababu. Mwanawe ni dereva wa trela, njia ya Malaba, na akikwama popote mtu wa kwanza kumpigia ni mama yake. Simu ile haizimwi na haipunguzwi sauti.

Ikalia. Shangazi akakurupuka. Akapapasa kigoda, akasukuma kikombe cha maji, simu ikaangukia chini ya kitanda. Akainama kuitafuta. Akainama, mtu aliyeambiwa na daktari kwamba kwa siku zile asiiname, asibebe kitu kizito, asikohoe kwa nguvu akiweza. Mjukuu akaamka, akawasha taa, akaiona simu, na kwa sekunde chache zile kabla ya kusoma, anasema, bibi alikuwa amekaa kitandani ameshika kifua, anataja jina la mwanawe taratibu.

Kisha mtoto akasoma kwa sauti: "Shikamoo shangazi."

Jirani wa pili wa ukuta akauliza kuna nini. Ukuta wenyewe wa mabati, hausitiri kitu. Ikabidi aelezwe kwamba hakuna kitu, ni salamu. Akauliza tena: salamu?

Jicho halikupata dhara, alhamdulillahi. Lakini shangazi hakulala tena mpaka adhana.

## Kwa nini usiku

Kwanza nilijitetea. Zamu yangu ni saa tisa alasiri mpaka saa sita usiku, kwenye kiwanda cha mikate huko Industrial Area. Ukisimama mbele ya tanuru huna simu mkononi, simu iko kwenye kabati la nguo. Nikitoka, mji umelala. Saa ambayo mimi ni mtu huru ndiyo saa ambayo wenzangu hawapo.

Utetezi mzuri. Tatizo lake ni kwamba naamka saa nne asubuhi, na kutoka saa nne mpaka saa nane niko nyumbani, simu iko mkononi, na shangazi yuko macho kabisa. Muda wa saa nne nzima. Mbona simkumbuki hapo?

Nililipima hilo kwa siku kadhaa, nikajichunguza kama mtu anayesaka panya. Asubuhi nafua, nakwenda kulipa hili na lile, natafuta sukuma, nalala tena kidogo. Ninapokuja kumkumbuka shangazi ni saa ya kula peke yangu, usiku, nyumba kimya. Yeye ndiye aliyenilisha miaka minne nilipokuja Nairobi mara ya kwanza, kwa hiyo sahani ikiwa mbele yangu na hakuna wa kuniambia "ongeza", ndipo anaponijia. Ile meseji ilikuwa inasema hivyo, kama mtu angejua kuisoma.

Basi ilikuwa salamu ya kweli. Lakini pia, na hapa ndipo paliponikera, ilikuwa njia ya kutua mzigo. Nilikuwa sijamjulia hali tangu siku ya upasuaji. Nilipobonyeza kitufe cha kutuma nilihisi mwepesi. Mzigo haukupotea, ulihamia Majengo.

Maana salamu kwetu haiachwi ikining'inia. Kuianza ni suna, kuijibu ni wajibu, na shikamoo bila marahaba ni kama mtu aliyebisha hodi akaachwa mlangoni. Nilipomwamkia saa ile nilikuwa nimemwachia deni la kulipa gizani, na jicho moja limefungwa.

## Siku yake na siku ya simu

Kuna jambo jingine nililolijua tangu utotoni lakini sikuwahi kulitumia.

Nilipotuma meseji ile nilikuwa nimejiambia: imeshapita saa sita, sasa ni kesho, namwamkia leo mapema. Simu yangu ilikubaliana nami, tarehe ilikuwa imeshageuka. Lakini nyumbani kwa shangazi hakuna siku inayoanza saa sita usiku. Siku inaanza jua likitua. Alhamisi ikishaadhiniwa magharibi, yeye husema "leo usiku wa Ijumaa", na mwenzangu kazini, mtu wa Kitui, husikia usiku wa kesho. Ndiyo maana watangazaji wa redio husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", wapate kusikilizana na kila mtu.

Kwa hesabu ya shangazi mipaka ni miwili tu, magharibi na alfajiri. Saa sita si mpaka wa kitu. Ni katikati ya usiku, kama vile saa sita nyingine ilivyo katikati ya mchana. Mimi nilidhani nimevuka mto, kumbe niko kwenye kina.

Lugha yenyewe inasema hivyo ukiisikiliza. Masalkheri ni ya jioni. Sabalkheri ni ya watu walioamka. Umeshindaje, umeamkaje, kila moja ina saa yake. Katikati pale tuna alamsiki na lala salama, na hizo zote ni za kuagana. Saa saba usiku hatuna neno la kumwanzia mtu, tuna maneno ya kumwacha.

Lakini hata hilo lina mlango wake. Usiku wa mwezi kuandama, Ramadhani imekwisha na kesho ni Idi, katululu ya shangazi hulia mpaka saa saba, meseji juu ya meseji, na hakurupuki mtu. Saa ni ileile, mlio ni uleule. Tofauti ni kwamba usiku ule anazitarajia. Hilo lilinifanya nianze kuwaza kwamba pengine usiku wenyewe hauna kosa.

## Nikajaribu alfajiri

Wiki ya pili nikaamua nitakuwa mtu wa asubuhi. Shangazi huamka kwa swala ya alfajiri kila siku ya Mungu. Nairobi adhana hiyo huwa kwenye saa kumi na moja na ushei, jua huchomoza baadaye kidogo, karibu saa kumi na mbili u nusu. Nikaona hapo katikati ndipo pazuri: ameamka, ameswali, hajaanza shughuli.

Nikatega saa. Nikaamka na macho yenye mchanga saa kumi na mbili na dakika tano, nikampigia badala ya kuandika, niisikie sauti yake.

Ililia mara moja tu, ikapokewa.

"Nani?"

Hakuuliza nani anapiga. Nimemjua shangazi miaka yote hii. Alikuwa anauliza nani amekufa.

Nikasema ni mimi shangazi, shikamoo, nakujulia hali tu. Akashusha pumzi ndefu hata nikaisikia. Akaniitikia, akanishukuru, akasema jicho ni zuri, na kwa nyuma nikasikia sufuria. Tulizungumza dakika mbili. Hakunilaumu. Lakini baadaye nilipokaa nikawaza, nikaona nilivyokuwa mjinga.

Sisi tunazika siku ileile. Mtu akifariki usiku, watu wa nyumbani hawapigi simu huku na huku saa tisa, hasa kama hakuna la kufanya mpaka kukuche. Wanangoja alfajiri. Imamu anaarifiwa, wa kuosha anatafutwa, sanda inanunuliwa, watu wa kuchimba wanakwenda Kariokor, na jamaa wanaanza kupigiwa mmoja mmoja ili wawahi, kwa sababu swala ya jeneza huenda ikawa baada ya adhuhuri. Kwa hiyo saa ya simu za msiba, kwa mtu wa umri wa shangazi, ni saa kumi na mbili asubuhi hasa. Usiku wa manane simu inaweza kuwa ya mlevi aliyekosea namba. Alfajiri mtu hakosei namba.

Nilikuwa nimekimbia saa mbaya nikaingia saa mbaya zaidi, na kwa nia njema kabisa.

Tena nilikuwa nimejidanganya kuhusu "hajaanza shughuli". Baada ya kuswali anakaa na uradi wake. Kisha ni chai, ni kumwamsha mdogo asiyetaka kuamka, ni sare, ni kuwafungia wajukuu chakula cha shule. Pumzi anaipata saa mbili na kitu, nyumba ikishatulia, anapotoka kukaa barazani na kikombe. Hii sikuisoma popote. Nilimuuliza mjukuu, akanijibu kwa dakika moja jambo ambalo mimi nimelikisia wiki mbili.

## Katululu mikononi

Jumapili nikaenda Majengo. Nikachukua ile simu nikakaa nayo barazani.

Nilitaka kujua jambo moja: je, mlio wa meseji na mlio wa simu ni kitu kimoja? Kwa sababu shangazi alikuwa anaamini kwamba akinyamazisha kimoja, amenyamazisha vyote, na kwa hiyo mwanawe atapiga asisikike. Alikuwa sahihi nusu. Akiiweka simu nzima kwenye kimya, kweli vyote vinanyamaza. Lakini ndani ya mipangilio ya milio kulikuwa na mstari wa mlio wa simu inayopigwa na mstari wa pili, peke yake, wa mlio wa meseji. Nikaugusa wa pili tu, nikauzima. Nikatoka hatua kumi, nikatuma meseji: kimya. Nikapiga: ikalia hadi jirani wa ukuta akachungulia. Nikarudia mara tatu, mbele ya shangazi, mpaka akaridhika.

(Kwa wenye wazazi wanaotumia simu za kupapasa: kuna kile kitu cha kunyamazisha usiku, na ndani yake mnaweza kuruhusu watu wachache walioekewa nyota wapenye. Android pia inaweza kuruhusu mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 asikike. Iwekeni mkiwa pamoja, kisha mpige mara mbili muone, msiamini tu kwamba imekubali.)

Zawadi ambayo sikuitarajia ni kwamba matangazo ya bahati nasibu na mikopo, yaliyokuwa yanamshtua mchana kutwa, nayo yakanyamaza. Hilo ndilo alilolisifu. Salamu zangu hakuzitaja.

Nikarudi Umoja nikijua nimemaliza. Usiku wa Jumanne nikamwandikia saa saba kasoro, kwa raha zangu. Haikulia. Asubuhi mjukuu akamsomea.

Akanipigia saa nne.

"Wewe hulali?"

Sikuelewa.

"Nimesomewa hapa, 00:52. Una nini, baba? Kazini kuna shida?"

Meseji hubeba saa yake mgongoni. Simu kama ile ya shangazi huandika saa ambayo kituo cha meseji cha mtandao kiliipokea, si saa ambayo yeye aliifungua. Hata angekuwa ameizima simu usiku kucha akaiwasha saa tatu, bado ingemwambia 00:52. Mimi nilikuwa nimeuzima mlio nikadhani nimeuzima usiku. Sasa usingizi hakuukosa, lakini alikuwa ameamka na mpwa asiyelala, na kwa shangazi mpwa asiyelala ama ana deni ama ana mwanamke.

Anajua naingia zamu. Anajua natoka saa sita. Lakini kujua ni jambo moja, na kuiona saa imeandikwa ni jambo lingine.

## Saa mbili u nusu

Nikafikia suluhisho ambalo nadhani wengi wenu mngelifikia mapema. Programu ya meseji ya simu yangu inaruhusu kupanga saa ya kutuma: unakishikilia kitufe cha kutuma badala ya kukigusa, inakuuliza lini, unachagua. Simu iwe imewashwa na mtandao uwepo saa ikifika, basi. Nikaona hapa sasa nimepata. Nitaandika usiku, saa yangu ya kumkumbuka, na itafika saa mbili u nusu, saa yake ya barazani.

Mara ya kwanza nilichagua 2:30.

Cheka. Mimi nilicheka baadaye. Nilikuwa nawaza kwa Kiswahili, saa mbili u nusu, kidole kikaandika mbili na nusu, na simu haijui Kiswahili. Ikaituma saa nane u nusu usiku. Bahati mlio ulikuwa umezimwa. Asubuhi shangazi akasomewa 02:30, na siku hiyo hakunipigia mimi, alimpigia mama yangu.

Mara ya pili nikaandika 8:30. Ikafika sawasawa. Ya tatu ikafika. Ya nne ikafika. Shangazi alianza kuniitikia kwa furaha, akiamini mpwa wake sasa anaamka mapema kama watu. Nami, sikanushi, nilimwacha aamini. Kila asubuhi saa mbili u nusu nilikuwa nimelala fofofo, na sauti yangu iko Majengo inaamkia.

Kisha ikaja Jumatano ya wiki ya nne.

Usiku wa Jumanne nilikuwa nimeandika, saa saba usiku, kwa mzaha kidogo kwa sababu mambo yalikuwa mazuri: "Shikamoo shangazi! Umeamkaje? Leo nipikie pilau kwa mawazo tu, nitainusa huku." Nikaipanga. Nikalala.

Saa kumi usiku alifariki yule jirani wa ukuta. Yule aliyeuliza kuna nini. Presha, wamesema. Shangazi na yeye wamekaa ukuta mmoja tangu kabla mimi sijaja Nairobi.

Saa mbili u nusu shangazi alikuwa kwa marehemu, na wanawake wengine, simu kiganjani kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapokea simu za jamaa. Skrini ikawaka. Kwa kuwa jicho sasa lilikuwa limeanza kuona, aliisoma mwenyewe. Kati ya meseji za pole na za kuuliza saa ya kuzika, ikaingia ya pilau.

Alinijibu maneno matatu. Niliyakuta nilipoamka saa nne na robo.

"Marahaba. Tumefiwa Majengo."

Niliwahi. Nilivaa kanzu, nikapanda mathree mpaka mjini, boda mpaka msikitini, nikakuta wanatoka kuswali adhuhuri, nikaswalia jeneza, nikashika machela zamu yangu mpaka Kariokor. Nilipokwenda kumpa pole shangazi jioni, hakuitaja meseji. Mimi ndiye niliyeanza. Nikamwambia ukweli wote, kwamba niliiandika usiku, kwamba nilikuwa nimelala ilipofika, kwamba zile nyingine zote nazo nilikuwa nimelala.

Akafikiri.

"Kwa hiyo asubuhi zote zile hukuwa wewe."

Nikasema nilikuwa mimi, ila wa usiku.

"Basi," akasema, "afadhali yule wa usiku ningemjua ni wa usiku."

## Itakukuta

Hilo neno lake nimeligeuza sana. Kilichonisumbua si kwamba meseji ya pilau ilifika saa mbaya. Hata ningekuwa macho nikaiandika saa mbili na dakika ishirini na tisa, nisingejua kuna msiba. Lakini ningekuwa nimeisema kutoka ndani ya asubuhi ileile aliyokuwamo yeye, na ujinga wangu ungekuwa wa dakika moja. Kumbe nilikuwa nimeandika "umeamkaje" kwa mtu ambaye hajalala vizuri, kuhusu usiku ambao haujapita. Nilikuwa nauliza habari ya kitu ambacho bado hakijatokea.

Nikazikumbuka barua. Mliosoma zamani kidogo mnajua tulivyofundishwa kuzianza: natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Tulikuwa tukiona ni maneno ya kujaza mstari. Sasa nayaona ni maneno ya mtu anayejua safari ni ndefu. "Itakukuta" inakiri kwamba mimi ninaandika nikiwa huku na leo, wewe utasoma ukiwa huko na siku nyingine, na katikati Mungu anajua. Haiulizi umeamkaje. Haidai kuwepo. Na zile kadi za salamu za redioni zilikuwa hivyo hivyo, zikisomwa siku nyingi baada ya kuandikwa, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu hakuna aliyesema "sasa hivi".

Kwa hiyo siku hizi naandika usiku, na nasema ni usiku. "Shangazi, naandika nimetoka kazini, saa saba, niko salama, nakwenda kulala. Hii ikukute na heri." Naituma papo hapo. Mlio umezimwa, saa iliyo mgongoni inakubaliana na yaliyo tumboni, na yeye anaifungua anapotaka. Shikamoo nimeitoa kabisa humo. Shikamoo nampa kwa sauti, nikimpigia saa tano mchana, wakati ambao kwa uzoefu wetu hakuna anayezikwa wala anayelala. Siku nyingine nasahau kupiga. Alinifundisha kusahau kwa adabu: kesho yake naanza kwa "niwie radhi", na yeye anaanza kwa "nilikuwa nakuwazia".

Sina uhakika kama hii itadumu. Zamu yangu inaweza kubadilishwa mwezi ujao, na mwanawe anazungumzia kumnunulia simu ya kupapasa, ambayo itatuanzishia mambo yote upya, na tiki za buluu juu yake.

Juzi usiku nilikuwa palepale jikoni. Nilikuwa nimeshamwandikia, nimeshatuma. Simu yangu ikatetemeka juu ya meza, ikasogea yenyewe kuelekea ukingoni kama mdudu. Saa nane kasoro dakika nane.

Jina lake.

Mkono uliganda. Kabla sijaifungua niliwahesabu watu wetu wote: binamu yuko barabarani, wajukuu, mama, mjomba wa Kisauni. Nilihesabu hata nauli iliyomo mfukoni. Ndipo nikasoma. Alikuwa ameamka kuswali usiku, akaiona meseji yangu, na kwa miwani yake mpya akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa tupu kwa sababu hajui zinavyopunguzwa:

"UMEKULA?"

Nikamjibu nakula.

"NINI"

Maharage, nikaandika.

Ikakaa kimya muda, nikajua anatafuta vibonyezo.

"TENA?"